Chupa mbili za nzi wa matunda na majike tisa wasiotarajiwa

Kisa hiki ni cha chupa mbili za nzi wa matunda, Drosofila melanogasta. Katika chupa ya kwanza, ambayo tutaiita A, waliwekwa majike wa ukoo safi wenye macho mekundu pamoja na madume wenye macho meupe. Katika chupa ya pili, B, mpangilio uligeuzwa: majike walikuwa wenye macho meupe, na madume wenye macho mekundu. Huo ndio upandishaji wa kugeuza, yaani sifa zilezile mbili hukutanishwa mara mbili, ila mara ya kwanza sifa fulani huletwa na mama na mara ya pili huletwa na baba. Idadi za nzi wa chupa hizi ni za kupigia mfano, zimepangwa zifanane na zile ambazo mtu hukutana nazo mezani. Idadi zilizohesabiwa kweli na mtafiti zitatajwa pamoja na jina lake.

Chupa zote mbili zilikaa kwenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi, ambapo yai huchukua takriban siku 10 hadi kuwa nzi mkubwa. Wazazi waliondolewa mara pupa walipoanza kuwa weusi, ili wasije wakahesabiwa pamoja na watoto wao. Watoto walipotoka, chupa A ilitoa nzi 211, na wote walikuwa na macho mekundu, majike kwa madume. Chupa B ilitoa majike 96 wenye macho mekundu, madume 104 wenye macho meupe, na majike 9 wenye macho meupe. Dume mwenye macho mekundu hakuonekana hata mmoja.

Aliyehesabu alifurahia chupa A na kuilaumu chupa B. Nitaonyesha kwamba alikuwa amegeuza mambo: chupa B ndiyo iliyokuwa ikisema kweli, na chupa A ilikuwa na kasoro ileile bila kuionyesha.

Tuanze na kile ambacho kingetokea kama jeni ya rangi ya macho ingekuwa kwenye otosomu, yaani kromosomu ambayo majike na madume wanayo kwa idadi sawa. Nzi huyu ana jozi nne za kromosomu, na kati ya hizo tatu ni otosomu. Mfano mzuri ni jeni ya sepia, ambayo iko kwenye kromosomu ya 3 na ambayo aleli yake fifi, yaani toleo la jeni linaloweza kufunikwa na lingine, huyafanya macho kuwa ya kahawia iliyokolea. Mpandishe jike mwekundu kwa dume wa sepia, au jike wa sepia kwa dume mwekundu: kila mtoto, awe jike au dume, hupata kromosomu moja ya 3 kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Kwa hiyo kila mtoto ana aleli moja ya kila aina, aleli tawala huifunika ile fifi, na wote huwa wekundu. Kugeuza wazazi hakubadilishi chochote, kwa sababu mtoto hana namna ya kuonyesha ni mzazi yupi aliyempa aleli ipi. Watoto hao wakipandana wenyewe kwa wenyewe, wajukuu hutoka wekundu watatu kwa sepia mmoja, na uwiano huo huonekana ndani ya majike peke yao na ndani ya madume peke yao. (Mwenye kujaribu sepia asihesabu nzi waliotoka asubuhi hiyohiyo. Macho yao huwa bado hayajakolea na ni rahisi kuyadhania mekundu, kwa hiyo afadhali awaache wapate umri kwanza.)

Jeni ya macho meupe haiko kwenye otosomu. Iko kwenye kromosomu X, na kromosomu Y haina nakala yake. Jike ana X mbili, kwa hiyo anaweza kubeba aleli nyeupe moja ikiwa imefunikwa na nyekundu. Dume ana X moja tu, na aleli yoyote iliyo juu yake hudhihirika, iwe tawala au fifi. Lililo muhimu zaidi ni njia ambayo X hiyo hupita: dume huipata kwa mama yake, na huwapa binti zake wote, lakini wanawe wa kiume hawapi, kwa kuwa hao huwapa Y. Tukiandika aleli nyekundu kwa `+` na nyeupe kwa `w`, mambo huwa hivi:

```
A:  X+X+ (jike mwekundu) × XwY (dume mweupe)
    binti: X+Xw wekundu     wana: X+Y wekundu

B:  XwXw (jike mweupe)   × X+Y (dume mwekundu)
    binti: X+Xw wekundu     wana: XwY weupe
```

Katika B sifa zimepishana: binti wamefanana na baba, na wana wamefanana na mama. Mpishano huo ndio alama ya kromosomu X. Mtu akiona tu kwamba A na B zimetofautiana, bado hana haki ya kutaja X, kwa sababu zipo sifa ambazo hurithiwa kwa mama pekee kupitia ute wa yai lake, na hizo pia hutoa matokeo tofauti wazazi wanapogeuzwa. Lakini sifa ya namna hiyo huwapata binti na wana kwa pamoja. Chupa B ikitoa weupe watupu, majike kwa madume, tutaelekea kwenye yai; ikitoa binti wekundu na wana weupe, hapo kromosomu X ndiyo inayohusika.

Sasa turudi kwa majike tisa. Kwa mujibu wa mchoro hapo juu, binti wa chupa B hawezi kuwa mweupe, kwa sababu kila binti lazima apokee X ya baba, na X ya baba ni nyekundu. Binti mweupe hana budi kuwa na maelezo mengine, na yako mawili yanayofaa kupimwa.

La kwanza ni kwamba baadhi ya mama hawakuwa bikira. Jike wa nzi huyu huhifadhi mbegu za dume mwilini na kuzitumia kwa siku nyingi, kwa hiyo aliyekwisha kupandwa na ndugu zake ndani ya chupa ya ukoo wao, kisha akahamishiwa chupa B, ataendelea kutaga mayai yaliyorutubishwa na baba ambaye hatumjui. Ndugu wa majike weupe ni madume weupe. Watoto watakaotokana nao watakuwa weupe watupu, binti na wana nusu kwa nusu.

La pili ni kutotengana kwa kromosomu. Mara chache, X mbili za mama hushindwa kuachana wakati yai linapotengenezwa, na yai hutoka na X mbili au bila X yoyote. Yai lenye X mbili nyeupe likikutana na mbegu yenye Y, mtoto huwa na XXY, na katika nzi huyu huyo ni jike, mweupe kama mama yake. Yai lisilo na X likikutana na mbegu yenye X nyekundu, mtoto huwa na X moja bila Y, naye ni dume mwekundu, lakini tasa, kwa sababu Y ya nzi hubeba jeni zinazohitajika ili mbegu za kiume zikamilike. Msomaji aliyezoea binadamu atashangaa hapa, kwa kuwa kwetu Y ndiyo humfanya mtoto awe wa kiume. Kwa nzi, jinsia hutegemea idadi ya X, na Y haina usemi katika hilo. Mtafiti Kalvin Brijis alieleza jambo hili kwa kina mwaka 1916, akitumia upandishaji kama wa chupa B, na watoto wa aina hii hutokea takriban mara 1 kwa kila 2,000.

Kipimo cha kwanza cha kutenganisha maelezo haya mawili ni hesabu tu, na hakihitaji kifaa. Majike tisa kati ya 209 ni wengi mno kwa jambo linalotokea mara moja kwa elfu mbili. Tena, kutotengana kwa kromosomu kungetoa pia madume wekundu, lakini hapa hakuna hata mmoja. Kipimo cha pili ni kizuri zaidi. Ikiwa majike tisa weupe ni watoto wa baba asiyejulikana, basi lazima wawepo na ndugu zao wa kiume wapatao tisa, ambao wamejificha kati ya wale madume 104 kwa sababu wao pia ni weupe. Tukiondoa tisa kutoka 104 hubaki 95, na 95 dhidi ya binti wekundu 96 ni karibu sana na nusu kwa nusu. Hesabu imejifunga yenyewe: watoto 18 hivi kati ya 209, yaani karibu 9 kwa kila 100, hawakuwa wa madume tuliowaweka.

Ndipo swali la chupa A linapokuja. Majike wa chupa A walikusanywa siku ileile, na mtu yuleyule, kwa haraka ileile. Ikiwa baadhi yao pia hawakuwa bikira, walikuwa wamepandwa na ndugu zao, na ndugu zao ni madume wekundu. Watoto wa baba huyo ni wekundu, na watoto wa dume mweupe tuliyemweka nao ni wekundu. Hakuna macho yanayoweza kuwatenganisha. Chupa A ingetoa nzi wekundu watupu hata kama madume weupe tuliowaweka wangekuwa wamekufa kabla ya kupanda, na ndiyo maana naona haifai kuiita chupa safi kwa kuangalia watoto wa kwanza peke yao.

Watoto wa chupa A waliachwa wapandane wenyewe, nao wajukuu wakahesabiwa 316: majike wekundu 158, madume wekundu 90, madume weupe 68, majike weupe 0. Aliyehesabu alijumlisha wekundu wote, akapata 248 kwa 68, akalinganisha na uwiano wa tatu kwa moja ambao ungetoa 237 kwa 79. Kai-mraba, kipimo cha jinsi idadi zilizohesabiwa zinavyoachana na zilizotarajiwa, ilikuwa takriban 2.0, chini ya kikomo cha 3.84 ambacho chini yake tofauti huweza kuwa bahati tu, na katika daftari aliandika kwamba jeni hufuata kanuni za urithi za Mendeli kama kawaida. Hesabu yake haina kosa. Kosa ni kujumlisha majike na madume kabla ya kuuliza swali, kwa sababu upandishaji A wa jeni ya kromosomu X pia hutoa jumla ya tatu kwa moja: nusu ya wajukuu ni majike na wote ni wekundu, nusu ni madume na nusu yao ni wekundu. Jumla hiyo haiwezi kuchagua kati ya otosomu na X.

Wagawe kwa jinsia, na mambo hubadilika papo hapo. Kama jeni ingekuwa kwenye otosomu, kati ya wajukuu 316 tungetarajia majike weupe 39 au 40. Tumepata sufuri. Kai-mraba ya makundi yote manne hupanda hadi takriban 80, wakati kikomo chake ni 7.81. Kwa kweli mtu hahitaji hata kukokotoa. Kundi lililopaswa kuwa na arobaini likiwa tupu, hakuna bahati inayoweza kulieleza.

Hapa ndipo ninapopenda kurudi kwa Tomasi Hanti Morgani, aliyekutana na dume mweupe katika maabara yake ya Chuo Kikuu cha Kolumbia, Nyuyoki, na kuchapisha matokeo mwaka 1910. Wajukuu wake walikuwa majike wekundu 2,459, madume wekundu 1,011 na madume weupe 782, bila jike mweupe hata mmoja. Ukizitazama kwa jicho la uwiano, idadi hizi si nzuri. Wekundu kwa weupe ni karibu 4.4 kwa 1, si 3 kwa 1, na hata kati ya madume peke yao weupe wamepungukiwa, kwa kuwa nzi weupe ni dhaifu kuliko wekundu na wengi hufa kabla ya kutoka. Mtu aliyeshikilia uwiano tu angekwama hapo. Lakini udhaifu wa nzi weupe hauwezi kueleza kwa nini 782 waliopona wawe madume watupu.

Baada ya hapo lilibaki swali moja: je, jike mweupe anaweza kuwepo, au weupe huu humwua akiwa jike? Morgani alimrudisha dume mweupe kwa binti zake wekundu, akapata majike wekundu 129, madume wekundu 132, majike weupe 88 na madume weupe 86. Jike mweupe yupo, na ni mzima. Anachohitaji ni kupata X nyeupe kutoka pande zote mbili. Ni kwa majike wa aina hiyo tu ndipo upandishaji B unawezekana kufanywa, na bila B, upande wa pili wa ushahidi usingepatikana.

Kwenye chupa yetu A, madume wekundu 90 kwa weupe 68 wanaacha shaka. Nusu kwa nusu ingekuwa 79 kwa 79, na kai-mraba yake ni takriban 3.1, bado chini ya kikomo. Upungufu huo unaweza kuwa bahati, unaweza kuwa udhaifu wa weupe kama kwa Morgani, au unaweza kutoka kwa mama wasio bikira: binti aliyezaliwa na baba mwekundu ana X mbili nyekundu, na wanawe wote huwa wekundu, hivyo huongeza madume wekundu bila kuongeza weupe. Sababu zote tatu zinasukuma idadi upande uleule, na hesabu ya jumla haiwezi kuzitenganisha.

Kilichozitenganisha ni kumpima kila binti peke yake. Binti 20 wekundu wa kizazi cha kwanza cha chupa A, waliokuwa wamehifadhiwa, waliwekwa kila mmoja katika kichupa chake pamoja na dume mmoja. Hapa kuna urahisi ambao wengi hawauoni: binti hawa hawakuhitaji kuwa bikira, na rangi ya dume haikujalisha, maana tunachotazama ni wana wa kiume tu, na rangi ya macho ya mwana hutoka kwa mama yake pekee. Binti mwenye aleli nyeupe iliyofichika atatoa wana nusu weupe. Binti mwenye X mbili nyekundu hatatoa mweupe hata mmoja. Wana 10 wekundu mfululizo kutoka kwa binti mwenye aleli nyeupe wangetokea kwa bahati mara 1 tu katika 1,024, kwa hiyo wana kumi kwa kila kichupa wanatosha.

Vichupa 18 vilitoa wana weupe na wekundu. Viwili vilitoa wekundu watupu, kimoja wana 14, kingine 17. Binti wawili kati ya 20 ni 1 kwa 10, jirani kabisa na ile 9 kwa 100 iliyosomwa kwenye chupa B bila jasho.

Majike tisa weupe nao walipandishwa kwa madume wekundu, kwa kukamilisha. Jike wa XXY hutoa watoto wasiotarajiwa, yaani binti weupe na wana wekundu, takriban 4 kwa kila 100 kwa mujibu wa Brijis, kwa sababu X zake mbili na Y hugombania nafasi wakati wa kutengana. Hawa walitoa binti wekundu na wana weupe tu, katika vichupa vyote tisa. Walikuwa majike wa kawaida wenye baba wa kawaida, ila baba mwenyewe siye aliyeandikwa kwenye kibandiko.

Chanzo kilipatikana kwenye daftari la ukusanyaji. Chupa za ukoo zilisafishwa nzi wakubwa wote saa 2 asubuhi, na majike wapya wakachukuliwa saa 12 jioni, saa kumi baadaye. Kwenye nyuzi 25 jike mpya hubaki bila kupandwa kwa takriban saa 8 tangu atoke, na baada ya hapo hakuna dhamana. Waliotoka mwanzo walikuwa wamevuka mpaka huo. Wangeweza kutambuliwa hata bila saa: jike aliyetoka karibuni ana mwili uliopauka, na upande wa chini wa tumbo lake huonekana doa jeusi la uchafu wa kwanza wa utumbo, ambalo hupotea baada ya saa chache. Upandishaji uliporudiwa, majike walikusanywa kila baada ya saa sita, wakakaa siku tatu peke yao kwenye kichupa chenye chakula kabla ya kupewa madume, na kichupa chochote kilichoonyesha mabuu ndani ya siku hizo kilitupwa.

Chupa B ya pili ilitoa majike wekundu 101 na madume weupe 97. Chupa A ya pili ilitoa wekundu watupu, kama ile ya kwanza.